Kioo cha Galaxy A51: jinsi ya kuitambua kopi kwenye picha kabla hujatuma hela

Malalamiko yanayonifikia yanafanana. Mtu yuko Songea au Kigoma, kioo cha simu kimepasuka, anaagiza kingine kwa muuzaji wa Kariakoo kupitia WhatsApp. Anatumiwa picha mbili, anaambiwa "hii ni orijino kabisa, sevisi paki", anatuma hela, mzigo unapanda basi. Fundi akishafunga, alama ya kidole haisomi, weusi umekuwa kijivu, na kingo nyeusi zimekuwa nene kuliko zamani. Kurudisha haiwezekani kwa sababu plastiki ya juu imeshabanduliwa.

Wengi wanaokwama hapa walijaribu kukagua. Tatizo ni kwamba waliangalia boksi na kibandiko, vitu viwili ambavyo ni rahisi kuliko vyote kuigiza. Mwongozo huu unashughulikia vitatu vigumu zaidi kuigiza: mng'ao wa kioo kikiwa cheusi, kingo za kioo na fremu, na maandishi ya kwenye fleksi, ule utepe laini unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye bodi. Nimetumia Samsung Galaxy A51 (SM-A515F) kama mfano toka mwanzo hadi mwisho kwa sababu kopi zake ni nyingi na vipimo vyake vinajulikana. Mbinu hizi zinafanya kazi kwenye simu yoyote ambayo kioo chake cha kiwandani ni AMOLED, yaani kioo ambacho pikseli zake zinajiwashia zenyewe bila taa ya nyuma.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera inayokuruhusu kupanga ISO na muda wa shata, au angalau yenye modi ya usiku.
- Picha nyeusi tupu ya 1080 kwa 2400 utakayoitengeneza mwenyewe (maelekezo yako Hatua ya 2).
- Rula ya milimita. Ya plastiki ni salama zaidi kwa kioo.
- Kioo chako cha zamani, hata kama kimepasuka vibaya. Usikitupe wala usimwachie fundi.
- Programu yoyote ya kuhariri picha inayoweza kuongeza mwangaza. Ile ya kwenye galari inatosha.

Kabla ya yote, hakikisha simu yako ni ya AMOLED kweli. Galaxy A12, A13 na A03 zimetoka kiwandani na LCD, kwa hiyo kioo chao orijino nacho kitang'aa kijivu gizani na kipimo cha mng'ao hakitakusaidia. Angalia pia mtego huu: A32 ya 4G ni AMOLED, A32 ya 5G ni LCD. A22 nayo ni vivyo hivyo. Ukikosea hapo utamwita mwizi muuzaji ambaye hana kosa.

## Hatua ya 1: Jua unabagua nini na nini

Watu hudhani sokoni kuna orijino na feki tu. Kwa A51 kuna bidhaa nne, na zote huitwa orijino na mtu fulani.

Ya kwanza ni kopi ya TFT, ambayo wauzaji wengi huiita inseli. Hii ni LCD iliyolazimishwa kuingia kwenye simu ya AMOLED. Ina taa nyuma yake inayowaka muda wote kioo kikiwa kimewashwa.

Ya pili ni kopi ya OLED. Hapa pikseli zinajiwashia zenyewe kama za orijino, ila paneli imetengenezwa na kiwanda kingine. Mara nyingi eneo linalowaka ni dogo kuliko la Samsung, ndiyo maana mafundi huiita OLED ndogo.

Ya tatu ni paneli orijino iliyotolewa kwenye simu nyingine, ikabadilishwa kioo cha juu na kubandikwa kwenye fremu mpya. Picha yake ni nzuri kwa sababu paneli ni ya Samsung. Udhaifu wake uko kwenye gundi na ubandikaji.

Ya nne ndiyo sevisi paki yenyewe: paneli ikiwa kwenye fremu, imetoka kwenye mfumo wa vipuri wa Samsung. Kwa A51 nyeusi namba yake ni GH82-21669A.

Shika jambo hili, maana hatua zote zinazofuata zinasimama juu yake: kila dalili inajibu swali moja tu. Mng'ao unatenga TFT na OLED. Kipimo cha eneo linalowaka kinatenga OLED ndogo na paneli ya Samsung. Gundi na fremu vinatenga kioo kilichobadilishwa na kipya. Fleksi inathibitisha paneli imetoka wapi. Anayeangalia dalili moja na kutoa hukumu hudanganywa na bidhaa inayofaulu dalili hiyohiyo.

## Hatua ya 2: Picha ya mng'ao

Hapa ndipo kopi nyingi zinapokamatwa, kwa hiyo ipe muda.

Kwenye AMOLED, sehemu nyeusi ya picha ni pikseli zilizozimwa kabisa. Hazitoi mwanga wowote. Kwenye TFT taa ya nyuma inawaka kila mahali, na kazi ya pikseli ni kuiziba. Haiwezi kuizibia yote. Kidogo kinapenya, na kinapenya zaidi pembezoni na karibu na tundu la kamera. Machoni, mchana, hutaona tofauti. Kamera ikiachwa wazi kwa nusu sekunde gizani itaiona vizuri sana.

### Tengeneza picha ya majaribio

Tengeneza picha nyeusi tupu, rangi `#000000`, ya pikseli 1080 kwa 2400. Kwenye kona ya chini andika jina lako na tarehe ya leo kwa herufi ndogo sana za kijivu.

Maandishi hayo yana kazi mbili. Kwanza yanathibitisha kwamba simu imewashwa. Bila hayo, muuzaji anaweza kukupigia picha simu iliyozimwa na ukasifia weusi wake. Pili yanathibitisha kwamba picha ni ya leo na ni yako, haikuchukuliwa kwenye matangazo ya mwaka juzi. Herufi ziwe za kijivu na ndogo kwa sababu herufi nyeupe kubwa huifanya kamera ipunguze mwanga wa picha nzima, na mng'ao unaoutafuta unapotea.

Usitumie skrini ya WhatsApp ya modi nyeusi badala ya picha hii. Weusi wake si weusi kamili, una chembe ya kijani na kijivu, kwa hiyo hata AMOLED halali itaonekana inang'aa.

### Mtumie muuzaji maelekezo

Wauzaji wengi hawakatai wakiombwa kwa adabu na kwa maelezo mafupi. Mimi huwa naandika hivi:

"Habari za kazi bosi. Kioo nakihitaji, hela ipo. Naomba ukiunganishe kwenye simu, bila kubandua plastiki. Fungua picha niliyokutumia ijaze skrini, mwangaza weka mwisho, zima taa ya chumba kisha nipigie picha moja ukitumia modi ya usiku. Nyingine nipigie skrini ikiwa nyeupe yote, mwangaza nusu, kwa juu moja kwa moja. Halafu fleksi kwa karibu, pande zote mbili, na kona nne za fremu. Tuma kama hati tafadhali, zisipungue ubora."

Hiyo sentensi ya mwisho ina maana yake. Picha inayotumwa kawaida hubanwa, na maandishi ya fleksi hugeuka ukungu. Ikitumwa kama hati inafika ilivyo.

Kama unakagua mwenyewe ukiwa na kioo mkononi, panga kamera ISO 800 na shata nusu sekunde, simu ya kupigia ikiwa imeegemezwa isitikisike. Kama kamera yako haina mpangilio wa shata, tumia modi ya usiku.

### Soma picha

Fungua picha kwenye galari, ingia kuhariri, na usukume mwangaza hadi mwisho. Kama kuna kipengele cha vivuli, kisukume nacho.

Kioo cha OLED kitakuonyesha maandishi yako yakielea gizani. Hutaweza kusema kioo kinaishia wapi na fremu inaanzia wapi. Kutakuwa na chengachenga za rangi picha nzima. Hizo ni za kamera, zipo hata nje ya simu, zipuuze.

Kioo cha TFT kitakuonyesha mstatili. Utakuwa wa kijivu au wa samawati iliyofifia, na utaona wazi mstari unaoutenga na ukingo mweusi. Chini au kwenye kona moja kijivu huwa kizito zaidi, na kuzunguka tundu la kamera kuna pete hafifu ya mwanga. Ukiuona mstatili, kesi imekwisha. Hakuna kioo orijino cha A51 kinachotoa mstatili.

Tahadhari ya hila ambayo nimeiona mara nyingi kuliko zote: picha inapigwa gizani kweli, ila pembeni kuna taa inayowaka, au simu nyingine yenye skrini nyeupe "kwa ajili ya kulinganisha". Kamera inajirekebisha kufuata kile kilichong'aa, na mng'ao wa TFT unazama. Picha yoyote yenye kitu kinachong'aa zaidi ya maandishi yako irudishe, omba nyingine. Kadhalika picha ambayo mwanga wa dirisha unaonekana ukijitazama juu ya kioo.

Kuna njia ya ziada ikiwa kioo unacho mkononi. Dondosha tone dogo la maji kwenye lenzi ya kamera, dogo mno, kisha isogeze karibu na skrini nyeupe mpaka pikseli zionekane. Kwenye LCD utaona vipande virefu vya nyekundu, kijani na samawati vimepangana kama nguzo. Kwenye AMOLED ya Samsung utaona nukta zilizopangwa mshazari, za kijani zikiwa ndogo na nyingi kuliko zile nyingine. Futa lenzi ukimaliza.

Kioo kikifaulu hapa, umejua jambo moja tu: si TFT. Usitume hela bado.

## Hatua ya 3: Pima eneo linalowaka

OLED ndogo inafaulu Hatua ya 2 bila shida. Inakamatwa kwa hesabu ya darasa la saba.

Kioo cha A51 ni inchi 6.5 kwa uwiano wa 20:9. Ukigeuza kwa milimita, eneo linalowaka lina upana wa takribani 67.8 na urefu wa takribani 150.6. Simu yenyewe ina upana wa 73.6. Maana yake skrini inayowaka inachukua asilimia 92 ya upana wa simu, na kila upande unabakiwa na kama milimita 2.9 ukichanganya ukingo mweusi na fremu.

Ukiwa na kioo mkononi, washa skrini nyeupe, weka rula juu ya plastiki, pima upana katikati ya simu. Usipime kwenye kona, kule kuna mviringo. Ukipata 67 na nusu hadi 68, sawa. Ukipata 65 au 66, hiyo paneli si ya Samsung hata ikiwa na weusi wa kupendeza namna gani.

Kwenye picha huwezi kuweka rula, lakini uwiano haubadiliki. Fungua ile picha ya skrini nyeupe kwenye programu ya kuhariri, anza kukata picha, na uangalie upana kwa pikseli. Kata kwanza kuanzia ukingo wa nje wa fremu kushoto hadi kulia, andika namba. Rudia kwa eneo jeupe peke yake. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. Orijino itakupa jibu karibu na 0.92.

Mambo mawili huharibu kipimo hiki. La kwanza ni picha iliyopigwa kwa mshazari. Ukiona upande mmoja wa fremu ni mnene kuliko mwingine, omba picha nyingine. La pili ni skrini nyeupe iliyowaka kupita kiasi hadi nyeupe ikamwagika juu ya ukingo na kuufanya uonekane mwembamba. Mwambie muuzaji ashushe mwangaza wa simu hadi nusu kwa picha hii.

Kama kioo kinauzwa bila fremu, huna upana wa simu wa kugawanyia. Hapo tumia upana wa kioo cha juu, na ulinganishe uwiano huo na wa kioo chako cha zamani kilichopimwa kwa njia ileile.

Angalia pia kidevu, yaani ukingo mweusi wa chini. A51 halali ina kidevu kinene kidogo kuliko pande. Kikiwa kinene kiasi cha kukufanya uulize, tayari umeshajibiwa. Na tundu la kamera linatakiwa liwe duara safi lililokaa katikati ya lenzi. Kwenye kopi nyingi kuna pete nyeusi nene kulizunguka, au lenzi inachungulia kutoka upande mmoja wa tundu.

## Hatua ya 4: Kona za fremu

Hatua hii ni fupi. Inamtafuta mmoja tu: paneli orijino iliyobadilishwa kioo cha juu.

Kwenye sevisi paki, kioo kimekaa ndani ya fremu kwa usawa uleule pande zote. Ukipitisha ukucha kutoka kwenye fremu kwenda kwenye kioo, unagusa kijidaraja kilekile juu, chini, kushoto na kulia. Gundi haionekani.

Kwenye kilichobadilishwa, tafuta gundi iliyotoka nje ikakauka kama uzi unaong'aa kati ya kioo na fremu, hasa kwenye kona mbili za chini. Tafuta vumbi au viputo vidogo chini ya kioo karibu na spika ya sikioni. Tafuta mikwaruzo ya kisu au ya kadi kwenye mdomo wa ndani wa fremu, mahali ambapo mtu aliingiza kitu kubandua kioo cha zamani. Kona moja ikiwa juu kuliko nyingine ni ishara kwamba kioo kilibanwa kabla gundi haijakaa.

Paneli ya namna hii si lazima uikatae. Kwa bei ya kati na fundi mzuri inaweza kuwa chaguo bora kuliko OLED ndogo, kwa sababu rangi na alama ya kidole hubaki kama za kiwandani. Unachokataa ni kuilipia bei ya sevisi paki.

## Hatua ya 5: Soma fleksi

Fleksi ni ule utepe laini wa rangi ya kahawia au nyeusi unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye bodi. Watu huiangalia, wanaona QR na herufi ndogondogo, wanaridhika. Kopi nazo zina QR na herufi ndogondogo.

Anza na yanayoondoa. Ukiona kwenye fleksi maandishi makubwa ya kueleweka kama "A515" au "A51" yakifuatiwa na "TFT", "INCELL" au "OLED", hiyo ni kopi. Kiwanda cha kopi huhudumia wauza jumla, na mwuza jumla anataka ajue haraka mzigo ni wa simu gani. Samsung haihitaji kujiandikia hivyo. Vibandiko vya karatasi vyenye jina la duka, tarehe ya dhamana na onyo la kutobandua havisemi lolote kuhusu paneli. Mara nyingine vimewekwa makusudi juu ya maandishi usiyotakiwa kuyaona, kwa hiyo omba picha ya upande wa pili.

Halafu yanayounga mkono. Paneli za AMOLED za Samsung hubeba namba inayoanza na `AMS` au `AMB`, ikifuatiwa na tarakimu tatu zinazokaribiana na ukubwa wa kioo kwa inchi, nukta ikiwa imeondolewa. Kwa kioo cha inchi 6.5 utarajie tarakimu zilizo jirani na 650. Ukikuta `AMS` yenye tarakimu za kioo cha inchi 5.5 kwenye kioo cha A51, mtu amenakili herufi bila kujua maana yake. Namba hiyo ikikosekana usihukumu papo hapo. Mara nyingi imefunikwa na utepe mweusi au iko upande uliobandikwa kwenye fremu.

Ubora wa uchapaji nao husema. Kwenye orijino herufi ni ndogo, nyembamba, na ukizikuza kingo zake bado ni kali. Kwenye kopi wino mweupe huwa mzito, tundu la herufi A au namba 8 limezibika, na mstari wa maandishi haulali sambamba na ukingo wa fleksi.

Sasa kipimo kizito kuliko vyote, na ndiyo sababu nilikuambia usitupe kioo cha zamani. Kiweke kando ya picha ya kioo kipya na ulinganishe fleksi kwa fleksi. Usilinganishe maandishi, linganisha mpangilio. Koneksheni iko umbali gani kutoka kwenye mkunjo? Chipu ndogo zimepangwa vipi, ngapi kwa mstari? Utepe unaofunika chipu una umbo gani?

Kopi ya TFT haiwezi kufanana hapa. A51 ilitengenezwa kwa ajili ya kioo kisicho na taa ya nyuma, kwa hiyo bodi yake haina saketi ya kuwasha taa hiyo. Mtengenezaji wa TFT inambidi aiweke saketi hiyo kwenye kioo chenyewe, na utaona fleksi imejaa vipande ambavyo ya zamani haina, au imekuwa pana ili vitoshee.

Mpaka wa kipimo hiki ni kwamba Samsung hubadilisha matoleo ya vipuri. Tofauti ndogo, kama chipu moja kuhama au namba ya toleo kupanda, si ushahidi wa kopi. Fleksi yenye umbo jingine kabisa ni ushahidi. Na bila shaka kama kioo chako cha zamani kiliwahi kubadilishwa mtaani, unalinganisha na kitu ambacho hukijui.

Vipi kuhusu ile namba ya GH82? Ikiwa kwenye boksi peke yake, ipuuze, maboksi yanachapwa na kuuzwa matupu. Ikiwa pia kwenye kibandiko cha nyuma ya fremu, na namba ni ileile, na inalingana na modeli na rangi, ipe uzito kidogo. Namba sahihi haithibitishi kitu peke yake, lakini namba isiyo ya simu yako inathibitisha kwamba boksi na kioo havikuzaliwa pamoja.

## Hatua ya 6: Unganisha majibu, mfano mmoja hadi mwisho

Tuseme muuzaji amekutumia picha zote. Boksi jeupe, kibandiko GH82-21669A, plastiki yenye ulimi wa kubandulia. Bei ni ya sevisi paki.

Picha ya mng'ao: maandishi yako yanaelea, ukisukuma mwangaza hakuna mstatili. TFT imeondoka mezani. Wengi huishia hapa na kulipa.

Picha ya skrini nyeupe: fremu pikseli 920, eneo jeupe pikseli 812. Gawanya 812 kwa 920, unapata 0.883. Zidisha kwa 73.6, unapata milimita 65. Ilitakiwa 67.8. Kwa hiyo karibu milimita tatu zimepotea, na ukifuata uwiano uleule, kioo hiki ni cha inchi 6.2 hivi, si 6.5.

Hapo hata fleksi haijasomwa. Ukiisoma, unakuta maandishi meupe manene na kibandiko cha karatasi kinachofunika nusu. Ukilinganisha na ya zamani, koneksheni inafanana kwa kuwa lazima iingie kwenye bodi ileile, lakini mpangilio wa chipu ni mwingine.

Jibu ni OLED ndogo ndani ya boksi la sevisi paki. Usianze ugomvi. Mwandikie: "Bosi, hii naona ni OLED ndogo, upana wake ni 65. Nipe bei yake ya OLED, au nitafutie ya upana kamili." Wauzaji wengi wakisikia kipimo hushusha bei palepale, maana wenyewe wanajua wameshika nini. Anayesema "orijino zote ziko hivyo" muache.

Chukua hali nyingine: mng'ao safi, uwiano 0.92, fleksi inafanana na ya zamani, lakini kona ya chini kuna uzi wa gundi na boksi halipo. Hiyo ni paneli ya Samsung iliyobadilishwa kioo. Muulize moja kwa moja, na ukubaliane bei kulingana na hilo.

## Hatua ya 7: Mzigo ukifika, jaribu kabla ya kubandika

Picha zinaweza kuwa za kioo kimoja na mzigo ukawa mwingine. Kwa hiyo fundi asifunge moja kwa moja.

Simu ikiwa imezimwa, achomoe kwanza koneksheni ya betri, ndipo aunganishe fleksi ya kioo kipya, ndipo arudishe betri. Kuchomeka kioo betri ikiwa inapeleka umeme kunaweza kuunguza saketi ya kioo au ya bodi, na hapo hakuna atakayekubali kosa. Fleksi isikunjwe zaidi ya mkunjo iliyokuja nao. Plastiki isibanduliwe.

Simu ikiwaka, fungua sehemu ya kupigia na uandike:

```
*#0*#
```

Itafunguka menyu ya majaribio. Gusa Red, Green na Blue moja moja utafute madoa na mistari, kisha Touch upitishe kidole kwenye miraba yote hadi pembezoni. Matoleo mengine yana Black pia. Kama yako haina, rudia na ile picha yako nyeusi gizani. Pima upana kwa rula.

Mwisho sajili alama ya kidole. A51 inasoma kidole kwa mwanga unaopita katikati ya kioo, na TFT huuziba, kwa hiyo kwenye TFT usajili hukwama. Kwenye OLED ya kopi unaweza kufaulu, au ukafaulu mara moja kisha ukasumbua, kwa hiyo kufaulu peke yake si cheti. Futa pia kidole cha zamani usajili upya kabla ya kukilaumu kioo, kwa sababu usajili uliofanywa kwenye kioo cha awali wakati mwingine haukubali kwenye kipya hata kikiwa orijino.

Kikishindwa popote, piga picha ya kosa hilo plastiki ikiwa bado juu na fleksi ikionekana pamoja na kibandiko, umtumie muuzaji siku hiyohiyo. Kikifaulu kote, ndipo fundi abandue plastiki na kufunga.